Namba ya Asubuhi

Fedha za friza nilianza kuziweka mwaka ambao mtoto wetu wa mwisho aliacha kunyonya. Zilipoiva benki, mtoto alikuwa darasa la tatu. Nilizitoa zote pamoja na riba, nikaenda nazo mpaka kwa muuza mafriza, nikasoma kibandiko cha bei, nikatoka bila kuuliza kitu. Fedha ile ilitosha katoni mbili za sabuni ya miche. Nilizibeba kwa baiskeli.

Mke wangu hakunilaumu. Alizipanga zile katoni nyuma ya kaunta, kisha akauliza, "Ukiziuza zote utapata nini?"

"Faida," nikamjibu.

"Faida ya kununulia nini?"

Nilidhani ananisimanga. Lakini swali lilinisumbua usiku kucha, maana jibu lilikuwa mbele ya macho yangu kwa miezi: kila siku daftari liliandika faida na kila wiki rafu zilizidi kuwa tupu. Katoni niliyoinunua kwa 1,000 niliiuza kwa 1,200, kama alivyofanya baba yangu kabla yangu. Nikirudi kwa muuza jumla naikuta 1,450. Hapo mtu ameuza, amechekelea, na hana katoni nyingine. Nilikuwa nawagawia wateja duka langu kidogo kidogo, tena nikiwashukuru.

Jirani yetu mmoja ni mhasibu mstaafu. Huja kununua kiberiti kimoja na kukaa saa nzima. Nilimsimulia habari ya friza.

"Benki walikupa riba kiasi gani?"

"Asilimia 40 kwa mwaka, Mzee."

"Na bei zinapanda asilimia 40 kwa mwezi." Akageuza daftari langu, akapiga hesabu pembeni. "Bei ikipanda hivyo kila mwezi, mwanangu, mwaka ukiisha imekuwa mara 57 hivi. Wewe unapima kitambaa kwa futi ya mpira."

Akanieleza yaliyofanyika Brazili mwaka 1994. Kuanzia Machi, serikali ilitangaza kila siku thamani ya kipimo kilichoitwa URV. Kipimo hicho hakikuwa noti. Watu waliandika bei na mishahara kwa URV, ila walilipana kwa fedha ileile mbovu, kwa kiwango cha siku hiyo. Tarehe 1 Julai URV moja ilikuwa imefika kruzeiro 2,750, na siku hiyo ikageuzwa kuwa fedha yenyewe, reali. "Bei kwa kipimo hicho zilikuwa zimetulia kuliko za noti," akasema. "Kilichokuwa kinakimbia ni noti."

"Mimi si serikali, Mzee."

"Rafu ni zako lakini."

Nikaanza na mche wa sabuni. Kila kitu nilikipa bei ya miche: kandili miche mitano, pakiti ya viberiti nusu mche. Wateja walicheka, lakini walielewa upesi. Ikaenda vizuri wiki tatu, kisha kiwanda cha sabuni kikakosa malighafi na sabuni ikaadimika. Mche ukapanda peke yake, ukavuta duka zima nyuma yake. Kandili ambazo hazikuwa zimeguswa na uhaba wowote zikawa ghali kupita kiasi, na watu wakaniita mlanguzi. Hawakukosea sana.

Mzee alipendekeza dola. Nikakataa, sheria ilikataza kuuza kwa fedha za kigeni, na kiwango cha mtaani kilikuwa kinategemea umemuuliza nani. Badala yake tukachagua bidhaa tano nisizoweza kukosa dukani: sabuni, chumvi, viberiti, mafuta ya taa, betri. Kila asubuhi, kabla sijafungua, naulizia bei zake za jumla na kuzijumlisha kwa vipimo vilevile. Siku tuliyoanza jumla ilikuwa 10,000. Nikaigawa kwa 100, nikapata 100. Nikasema hiyo ndiyo pointi moja. Kesho yake jumla ikawa 10,400, pointi ikawa 104. Mche ulioandikwa pointi 12 uliuzwa 1,200 siku ya kwanza, na 1,248 siku ya pili, wala sikugusa kibandiko.

Hapo ndipo ubao wa mtoto, aliojifunzia kuandika, ulipohamia juu ya kaunta. Kijana wangu wa dukani aliuandika namba moja tu kila asubuhi. Zamani alikuwa anashinda amepanda stuli, anafuta na kuandika vibandiko zaidi ya 200, na akifika cha mwisho cha kwanza kimeshachakaa.

Sikuwa mwerevu kwa kila jambo. Noti nilizihofia kama samaki wasio na barafu. Saa sita mchana kijana alikuwa tayari anakimbia nazo kwa muuza jumla. Siku moja hapakuwa na chochote huko isipokuwa kufuli, nikanunua kufuli dazeni nane. Bado ninazo. Bidhaa isiyotoka nayo ni fedha iliyolala, tofauti ni kwamba hii inaota kutu.

Kilichoniumiza ni madeni. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alikuja mwisho wa mwezi na noti zake amezikunja vizuri kwenye leso. Alikuwa amekopa miche sita kabla ya ubao.

"Hesabu, kaka. Ni ileile tuliyoandika."

Nikahesabu. Ilikuwa ileile, kamili, na kwa namba ya asubuhi hiyo ilitosha miche miwili. Nikamwambia jinsi ilivyo kwa pointi.

"Nilikopa pointi mimi?" Sauti ilipanda, watu wakageuka. "Nilikopa fedha, nimeleta fedha. Wateja wangu wamenilipa jana nguo nilizozishona mwezi uliopita, kwa bei ya mwezi uliopita. Hizo pointi zako mimi nani ananilipa?"

Sikuwa na jibu. Nikapokea noti, nikafuta jina lake. Madeni yote ya zamani niliyamaliza hivyo, kwa fedha iliyoandikwa, na hasara yake niliibeba. Mapya yaliandikwa kwa pointi, na kila mkopaji nilimsomea kwa sauti kabla hajabeba kitu. Wengine waliacha mzigo kwenye kaunta wakaenda zao.

Fundi alirudi baada ya siku nne. Hakununua. Alisimama mlangoni akainakili namba ya ubaoni nyuma ya mkono wake kwa kalamu.

"Gauni naliandikia pointi ngapi?" akauliza, bado amenuna.

Tukakaa tukapiga hesabu: uzi, vifungo, siku mbili za kazi. Tangu hapo alimtuma mwanawe kila asubuhi kuisoma namba. Kisha kinyozi naye akamtuma wake. Kuna asubuhi nilichelewa kufungua, nikawakuta watoto watatu wameketi kizingitini na madaftari.

Namba ilifika 900, ikapita 3,000. Ilipofika 11,000 tulisikia fedha mpya inakuja, yenye sifuri chache. Ilikuja. Tukakata sifuri ubaoni pia, na sikuamini kitu. Namba ikaendelea kupanda, ila polepole, kama mtu mwenye goti bovu.

Jumatano iliyopita niliulizia bei tano, nikajumlisha. Nikajumlisha tena. Nikamwita mke wangu naye akajumlisha.

Kijana alikuwa juu ya stuli, chaki mkononi, namba ya jana haijafutwa.

"Niandike ngapi?"

"Ileile."

Akautazama ubao. Halafu akachukua kitambaa, akaufuta wote, akaandika namba ileile upya.