Majibu ya Hoja ya Ukaguzi: Madai ya Hogo Yaliyoonekana Kujirudia

Kumb. Na. HP/MD/118/2025
Chake Chake, Pemba
23 Oktoba 2025

Mkuu wa Kitengo cha Uhakiki wa Madai,
Mfuko wa Bima ya Afya,
Unguja.

Ndugu,

KUH: MADAI YA MTEGEMEZI NAMBA 0418-03

Tafadhali rejea barua yenu ya tarehe 13 Oktoba 2025. Mmehoji mistari 15 ya "kufunga hogo" kwa mtoto mmoja, kati ya tarehe 5 Agosti na 16 Septemba, na mmezuia mistari 13 yenye thamani ya Shilingi 455,000 kwa kuwa imejirudia.

Mtoto huyu si majeruhi. Amezaliwa na nyayo zilizopinda, miguu yote miwili, na aliletwa akiwa na wiki tatu. Anatibiwa kwa njia ya Ponseti: mguu hunyooshwa kidogo kwa mkono, ukafungwa hogo kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Baada ya wiki hogo hukatwa, mguu ukasogezwa tena, likafungwa jipya. Jasi ikishakatwa ni takataka, kwa hiyo kila Jumanne zilitumika bandeji mpya. Mfupa uliovunjika ungetosheka na hogo moja au mawili. Nyayo za kupinda kwa kawaida huhitaji matano hadi saba.

Jumanne zilikuwa saba, miguu miwili, jumla mistari 14. Fomu ya madai haina pa kuandika kulia au kushoto, ndiyo maana kila tarehe inaonekana kudaiwa mara mbili. Hogo za tarehe 16 Septemba ni zile za mwisho, zilizofungwa baada ya kukatwa kano ya kisigino, na zilikaa wiki tatu.

Mstari wa 15, wa Alhamisi tarehe 21 Agosti, mlikuwa na haki ya kuuliza. Mama alirudi kutoka Micheweni kwa sababu vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimezama ndani ya hogo. Hogo lililoteleza haliachwi lisubiri Jumanne: linabana mguu na kuharibu kilichokwisha kunyooka. Lilitolewa na kufungwa jipya siku hiyo hiyo, na tumedai mguu huo mmoja tu.

Tumeambatisha kadi ya kliniki yenye alama za Pirani za kila ziara, ambazo hupima ukali wa kupinda na hushuka mguu unaponyooka. Mguu wa kulia ulianza na 5 kati ya 6, na siku ya kukatwa kano ulikuwa 1.5. Mtu aliyedai hogo hewa hawezi kuwa na mguu unaonyooka namna hiyo. Picha zipo pia, bila sura ya mtoto.

Tunaomba fedha zilizozuiliwa zilipwe pamoja na malipo ya Oktoba, na fomu iongezwe sehemu ya upande wa mwili. Mjue pia kwamba mtoto sasa anavaa viatu vyenye fito, na vitabadilishwa kadiri mguu unavyokua. Madai hayo yatakuja. Mkaguzi wenu akipenda, kliniki ni kila Jumanne asubuhi.

Ahsanteni kwa mashirikiano.

Mganga Mfawidhi

Nakala: Mhasibu wa Hospitali