Dokezo la usanifu: kuvuna maji ya mvua, shule ya msingi, Embakasi, Nairobi
Kwa: Mwalimu Mkuu na Bodi ya Usimamizi

Paa. Tunavuna kutoka madarasa ya mabati pekee: majengo 2, kila moja mita 40 kwa 9, jumla mita za mraba 720. Jiko tumeliacha kwa sababu ya masizi. Mvua ya mwaka tumeikadiria milimita 800, chini ya wastani wa Nairobi, makusudi. Tukichukulia kwamba asilimia 80 hufika tangini:

720 × 0.8 × 0.8 = mita za ujazo 461 kwa mwaka

Matumizi. Watu 500, lita 3 kila mmoja kwa siku, za kunawa mikono na kupiga deki. Hiyo ni lita 1,500 kwa siku. Kwa siku 195 za masomo, mita za ujazo 293. Vyoo vya kuvuta maji havimo. Vikiongezwa, hesabu hii haifai tena. Maji ya kunywa ni lazima yachemshwe au yatiwe klorini.

Tangi. Kinachotubana ni kiangazi cha Juni hadi Septemba. Ukitoa likizo ya Agosti, zinabaki siku 72 hivi za masomo, yaani mita za ujazo 108. Tunapendekeza matangi 5 ya plastiki ya lita 24,000. Mfereji wa kutekea ukae sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini. Bado zitatumika mita za ujazo 116 hivi. Januari na Februari zinahitaji 60 tu, na mvua ya vuli itakuwa imejaza. Kila gata ipate pipa la lita 100 la kukamata maji ya kwanza, yale yanayoosha vumbi na mavi ya ndege.

Maji ya kufurika. Hapa ndipo mafundi wengi hubana matumizi, nasi hatutakubali. Mvua ya milimita 100 kwa saa huleta lita 5 kwa sekunde katika kila gata kati ya 4. Bomba la inchi 2 lingehitaji maji yasimame karibu mita nzima juu yake ndipo liyatoe yote. Yatapitia kwenye mfuniko kabla ya hapo. Tumia inchi 4, lenye wavu wa kuzuia mbu, bila koki yoyote: matangi yatafurika zaidi Desemba, shule ikiwa imefungwa na bawabu yuko peke yake.

Shimo la kunyonya maji tumelikataa. Udongo mweusi wa hapa ukilowa hunyonya maji polepole na kuvimba, na tangi moja lililojaa lina tani 24. Maji yaliyofurika yafuate mtaro wa zege hadi mtaro wa barabara, yasielekezwe kwa jirani wala uwanjani. Chini ya matangi, chimba udongo huo uondoke, shindilia murramu, kisha mwaga zege yenye nondo. Kina cha kuchimba kitaamuliwa baada ya kufungua mashimo 2 ya majaribio, na malipo ya msingi yasitolewe kabla ya hapo.