Daftari la Mama Zaitun

Vyandarua vilikuwa vimefika Koboko, kimoja kwa kila watu wawili, na uwanjani kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, watu walishaanza kupayuka.

"Nyumbani kwangu tuko wanane," alisema Haji. "Nipeni vinne."

"Wanane wapi?" mamake akaruka. "Hao mapacha si wanalala kwangu?"

"Ni watoto wangu, Mama!"

"Nani kakataa? Mbu anamuuma mtoto, hamuulizi baba yake."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akamtazama Mama Zaitun, mhudumu wa afya wa kijiji, mama asiyelipwa mshahara lakini anayezunguka nyumba hadi nyumba kuliko mkusanya kodi yeyote. Akafungua daftari lake, lililojaladiwa kwa gazeti, akapitisha kidole kwenye mstari.

"Mapacha: wamehamia kwa bibi mwezi wa pili, shule iko karibu. Dawa ya minyoo wamenywea huko huko. Haji, dole gumba hili la nani?"

Haji akaangalia alama ya wino. "Langu."

"Basi kwako ni sita. Vitatu."

Bibi akaanza kupiga vigelegele.

"Ngoja, Mama, sijamaliza. Uliandikisha wanne: wewe, binti yako na mapacha. Mimi hapa nina watano. Binti yako alijifungua wiki iliyopita."

"Kale kachanga? Hata jina bado!"

"Nimekaandika 'mtoto wa kike'. Mwenyekiti, watano ni vyandarua vitatu."

Haji akaguna, akajitwisha vya mamake pamoja na vyake.