Andalio la Somo: Wikiendi ya Roboti kwa Wanaoanza, Lindi Mjini

Tarehe: Jumamosi 13 na Jumapili 14 Juni 2026, saa 3:00 asubuhi hadi saa 8:30 mchana
Washiriki: 12, umri wa miaka 11 hadi 15, hawajawahi kuandika programu
Wawezeshaji: mimi na wasaidizi wawili
Vifaa: roboti 4 za mBot, kompyuta mpakato 4 zenye programu ya mBlock ya kupanga amri kwa bloku, nyaya 4 za USB, betri ndogo 16 na akiba 16, futi kamba 4, chaki, karatasi nyeupe za chati, tepu nyeusi ya fundi umeme

Lengo

Jumapili mchana kila kundi liwe na roboti inayofuata mstari na kusimama yenyewe ikikuta kizuizi, na kila mtoto aweze kueleza kwa maneno yake kwa nini inasimama. La pili ndilo ninalolitaka zaidi. Mtoto anaweza kunakili bloku za jirani roboti ikaenda, na asijue chochote.

Kwa hiyo kanuni ya siku zote mbili ni moja: *tabiri, endesha, pima, rekebisha*. Hakuna kundi linalobonyeza bendera ya kijani ya kuanzisha programu kabla ya kusema, na kuandika kwenye daftari, roboti itafanya nini.

Ijumaa jioni

Chajini kompyuta zote zijae, kwa sababu umeme ukikatika Jumamosi tutaendelea na betri. mBlock iwe imeshapakuliwa na kufunguliwa mara moja kwenye kila kompyuta, tusitegemee bando. Roboti ziandikwe namba 1 hadi 4 na kila moja ibaki na kompyuta yake.

Jumamosi

*Saa 3:00. Roboti mtu (dakika 40, bila kompyuta)*

Mtoto mmoja anafungwa macho kwa mtandio. Wenzake wanamwongoza kutoka mlangoni hadi kwenye kapu kwa kadi nne tu: MBELE, KULIA, KUSHOTO, RUDIA. Msaidizi anayecheza roboti raundi ya kwanza afuate kadi kama zilivyo. Akiambiwa MBELE bila idadi ya hatua, aende mpaka aguse ukuta. Akiambiwa KULIA, aulize: "Kiasi gani?" Watacheka, kisha wataanza kubishana kuhusu hatua na robo mzunguko. Waacheni wabishane. Huo ubishi ndio somo: mashine inafanya ulichosema, si ulichokusudia.

*Saa 3:40. Kuitambua roboti*

Wafungue boksi wenyewe. Waonyeshwe mota mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma, na waulizwe: roboti itapindaje wakati haina usukani? Mpeni mtoto mmoja agurudumishe kiti cha magurudumu au toroli kwa kusukuma upande mmoja tu. Jibu litakuja lenyewe.

*Saa 4:15. Chai na mihogo.*

*Saa 4:40. Programu ya kwanza*

```
when green flag clicked
move forward at power 50 % for 1 secs
```

Maandishi ya bloku yanabaki kama yalivyo kwenye skrini. Andikeni maana yake ubaoni kwa Kiswahili pembeni. Roboti iwe imeunganishwa kwa waya kwenye hali ya Live, ili bloku ifanye kazi papo hapo bila kupakia.

Wapime kwa futi: sekunde 1 ni sentimita ngapi? Mara tatu, kisha wachukue wastani. Nilipojaribu Jumatano kwenye sakafu ile ile, roboti namba 2 ilikwenda sm 24 na namba 3 ikaenda sm 22. Watoto wakigundua tofauti hiyo wasiambiwe haraka kwamba ni betri au mota. Waulizeni wao wangejaribu kubadilisha nini. Anayependekeza kubadilishana betri za roboti mbili amefikiri kisayansi, na mwambieni hivyo mbele ya wenzake.

*Saa 5:40. Mraba*

```
when green flag clicked
repeat 4
  move forward at power 50 % for 1 secs
  turn right at power 50 % for 0.5 secs
```

Hiyo 0.5 haitatoa kona kamili, na nimeiacha makusudi. Wachore mraba kwa chaki na watafute namba yao. Kila kundi litapata yake. Hapa mtasikia "Mwalimu, imeharibika!" Jibu letu: "Ulitabiri nini, na imefanya nini?"

Saa 6:30 tunasimama kwa swala na chakula. Saa 7:30 wanarudi kumalizia mraba, kisha kila kundi linaonyesha.

Jumapili

*Saa 3:00. Kihisi cha umbali*

Yale "macho" mawili mbele hayaoni. Moja linatoa sauti tusiyoweza kuisikia, jingine linapokea mwangwi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kizuizi kikiwa sm 15 mbele, inakwenda na kurudi sm 30 kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde. Waulizeni nani amewahi kuita jina lake mbele ya ukuta mrefu au mwamba.

```
when green flag clicked
forever
  if ultrasonic sensor port3 distance (cm) < 15 then
    stop moving
  else
    move forward at power 40 %
```

Wajaribu na boksi, kisha boksi lililokaa mshazari, kisha kanga iliyotundikwa. Kitambaa laini hunyonya sauti, na boksi la mshazari huirusha pembeni, hivyo roboti inaweza kugonga. Tumieni muda mrefu hapa. Chai isogee kama mjadala umekolea.

*Saa 5:00. Njia ya Tendaguru*

Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ilichimbwa Tendaguru, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi wetu yuko makumbusho ya Berlin. Watoto wa hapa wanastahili kuijua safari hiyo, basi ndiyo njia yetu: mstari wa tepu nyeusi juu ya karatasi nyeupe, wenye kona tatu pana, kutoka "Tendaguru" hadi "Bandarini".

Kihisi cha mstari kina jozi mbili za taa na pokezi chini ya roboti. Cheupe hurudisha mwanga, cheusi huumeza. Kabla ya programu, wasukume roboti kwa mkono juu ya mstari huku wakibofya bloku hii kusoma thamani:

```
line follower sensor port2 value
```

0 ni pande zote juu ya cheusi, 3 ni zote juu ya cheupe. Maana ya 1 na 2 waigundue wao na kuiandika. Kutokana na hapo wajenge `if` nne za kwao. Ubao wetu usiwe na jibu. Nguvu iwe 30 kwanza, kwa kuwa roboti ya haraka huruka kona. Fungeni mapazia ya upande wa bahari: jua la asubuhi huivuruga taa ya kihisi.

Saa 6:30 swala na chakula. Saa 7:30, kizuizi kinawekwa katikati ya njia, na wanaunganisha programu zote mbili.

Mikono kwenye kipanya

Kila kundi lina mwandishi, mpimaji na msemaji. Wanabadilishana kila dakika 20 kwa kengele. Mwaka jana niliona wavulana wakishika kompyuta na wasichana wakishika futi siku nzima, nami nikanyamaza. Safari hii wasichana waanze kwenye kipanya. Nanyi wasaidizi, mikono nyuma: elekezeni kwa maswali tu.

Tathmini, saa 8:00

Mzazi au ndugu aliyekuja anachagua mtoto yeyote wa kundi, si msemaji pekee, amweleze bloku moja inafanya nini. Kisha namuuliza mtoto: "Nikibadilisha 15 iwe 40, itakuwaje?" Akitabiri sawasawa, amefaulu.

Betri zitolewe kwenye roboti kabla ya kufunga maboksi.