Punju Anaenda Kulala

(Kwa mchoraji na msomaji: hii ni ya watoto wa miaka 2 mpaka 3, kwa hiyo kila picha ikae sana, kamera isiruke, na palipo na nukta nukta ukae kimya kweli, mtoto apate kuvuta pumzi. Rangi zote zilizofifia, hakuna nyekundu kali wala weupe wa kuumiza macho.)

PICHA 1. Msitu wa Jozani, Unguja, jioni. Mbingu waridi iliyopauka, jua kama embe bivu.

Msimuliaji: Paukwa… Pakawa… Jua linaenda kulala. Taaaratibu… taaaratibu…
Juu ya mti yupo kima punju mdogo, anaitwa Punju, nywele zake nyeupe zimesimama timtimu.

Mama: Usiku unakuja mwanangu. Njoo kifuani.
Punju: Bado mama, namuaga rafiki.

PICHA 2. Chini ya mti, kijani laini. Paa nunga anatafuna majani aliyoyadondosha Punju. Nyam… nyam… masikio yanacheza kidogo tu.

Punju: Lala salama, Paa.
Paa: Lala salama, Punju.
Msimuliaji: Taaaratibu… taaaratibu…
Mama: Usiku unakuja mwanangu. Njoo kifuani.
Punju: Bado mama, namuaga rafiki.

PICHA 3. Mikoko, maji ya buluu na kijivu yanajaa polepole. Kaa anaingia shimoni, mguu mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine (usiharakishe hapa, watoto wanapenda kuangalia miguu).

Punju: Lala salama, Kaa.
Kaa: Lala salama, Punju.
Msimuliaji: Taaaratibu… taaaratibu…

PICHA 4. Zambarau hafifu. Kwenye tundu la mti macho mawili makubwa yanafunguka. Ni Komba.

Punju: Lala salama, Komba.
Komba: Aa, mimi ndo kwanza naamka! Usiku zamu yangu. Wewe lala tu Punju, mimi nipo macho.
Punju: Upo macho?
Komba: Nipo.

(Hapo Punju anashusha mabega. Ioneshe vizuri, maana mtoto anayeogopa giza anataka kusikia kwamba kuna mtu yuko macho.)

Mama: Usiku umeshakuja mwanangu. Njoo kifuani.
Punju: Nakuja mama.

PICHA 5. Tawi la juu, buluu ya usiku. Mama kamkumbatia, anamshika vidole kimoja kimoja. Vinne tu, kima punju hana dole gumba, usije ukachora vitano.

Mama: Kimoja kimelala…
Viwili vimelala…
Vitatu vimelala…
Punju (anapiga miayo): Na cha nne…
Mama: Cha nne nacho kimelala.

Msimuliaji (karibu kunong'ona): Paa kalala. Kaa kalala. Punju kalala. Komba yupo macho… taaaratibu… taaaratibu…

(Skrini iingie giza kwa sekunde 20, ibaki sauti ya upepo na nyenje wa mbali. Majina ya waliotengeneza yapite bila muziki wowote.)