Nusu Kichwa

Kikoba kilivunjwa Jumamosi, na kufikia Jumapili jioni nyumba nzima tulishajua kwamba Tusekile na mdogo wake Atupele wamepata shilingi 612,000. Hakuna aliyetutangazia. Nyumba yetu pale Ilomba, Mbeya, ina vyumba sita vinavyotazamana, kuta hazijafika kwenye bati, na mtu akihesabu pesa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anamjumlishia.

"Cherehani," alisema Tusekile.

"Saluni," alisema Atupele.

Mvua ya Desemba ilikuwa inagonga bati, ikawabidi wapaze sauti. Sisi wengine tukapunguza redio.

Tusekile anauza mitumba ya watoto Mwanjelwa. Anafungua belo, anachambua, na zile zilizochanika anazirudisha nyumbani kuziziba kwa sindano ya mkono, usiku, taa imening'inia karibu na pua yake. Kigauni cha elfu moja akikiziba vizuri anakiuza elfu tatu. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kwa cherehani angeziba kumi kwa muda anaoziba kimoja, na shule zikifunguliwa Januari angeshona sare.

Atupele anasuka. Ana mkono mwepesi, nasema kwa sababu kichwa changu kimepita mikononi mwake, na nywele zangu za mbele ambazo wasusi wengine walikuwa wanazing'oa zimeanza kuota tena. Ila anasuka kwenye saluni ya watu, kule Kabwe, na kila kichwa mwenye saluni anachukua nusu. Akisuka rasta za elfu ishirini, kumi inakwenda. Anasimama toka asubuhi mpaka giza, na miguu ikivimba haivimbi nusu.

"Fremu ile ya jirani na mwenye duka la dawa iko wazi," alisema. "Hamsini kwa mwezi."

"Na anataka miezi sita kwa mkupuo. Laki tatu hiyo, hujanunua hata kitana."

"Drai nitapata iliyotumika. Kioo, viti viwili vya plastiki, benchi. Maji nachemshia jiko la mkaa."

"Na umeme ukikatika? Cherehani ya miguu haijui LUKU, dada. Unakanyaga tu."

Akiwa na hasira Tusekile humwita mdogo wake "dada", na Atupele hajawahi kulizoea hilo.

"Rasta nasuka kwa mkono, siyo kwa umeme."

"Sawa. Niambie sasa, hapa Ilomba wanafunzi ni wangapi? Wote wananyolewa. Hakuna utakayemsuka kati ya hao. Lakini sare lazima wavae."

"Sare ananunua mara moja kwa mwaka, anaivaa mpaka iwe kaptula. Nywele zinaota kila siku, dada. Hata umelala zinaota."

Hapo nilicheka, na nadhani walinisikia.

Siku zilizofuata waligombana kwa vipande. Asubuhi wakichota maji, kimoja. Jioni wakipepea mkaa, kingine. Tusekile alikwenda kwa fundi mmoja anayeuza cherehani zilizotumika, akamburuza na Atupele ili ashuhudie, na mimi nikawafuata kwa kuwa nilikuwa na zipu ya kubadilisha. Ilikuwa Butterfly nyeusi, meza yake imebabuka pembeni, bei laki mbili na ishirini. Ndipo nikamwona Tusekile ambaye sikuwa namjua. Alizungusha gurudumu taratibu kwa kiganja, ameinamisha sikio. Akatoa bobini, akapitisha kucha ndani kutafuta kutu, akairudisha. Akaomba kipande cha jinzi, akakikunja mara nne, akashona mstari mmoja mrefu, kisha akakigeuza na kuvuta uzi wa chini.

"Inaruka nyuzi," alimwambia fundi. "Laki na themanini."

Walikubaliana laki na tisini, akaomba awekewe mpaka Ijumaa. Atupele alisimama mlangoni muda wote, anaangalia bajaji zinavyopita.

Njiani nilimuuliza Tusekile alijifunzia wapi. Alisema alisoma ushonaji miezi minane, akaacha baba yao alipougua. Ada iliyobaki ilikwenda kwa Atupele, aliyekuwa kidato cha pili. Alilisema hilo mbele ya Atupele, na sauti haikupanda wala kushuka. Mimi ningekuwa Atupele ningetamani barabara ifunguke.

Jumatano ikawa ndiyo siku yenyewe. Kikoba kipya kilikuwa kinaanza kesho yake, Tusekile ni mweka hazina, akamwomba mdogo wake amsuke. Katikati ya ugomvi! Lakini ndugu ndivyo walivyo. Mtu hakusemeshi na kichwa anakuletea. Walikaa kibarazani, Tusekile kwenye kigoda, Atupele nyuma yake na rasta zimetandazwa gotini. Kwa saa nzima ilisikika kitana tu. Upande wa kushoto ulikamilika, mistari imenyooka kama matuta ya viazi ya Uporoto.

"Kwa hiyo Ijumaa nakwenda kuchukua cherehani," alisema Tusekile.

Mikono ya Atupele ilisimama. "Kwa pesa ya nani?"

"Kikoba kimeandikwa jina la nani?"

Atupele aliinuka, akaingia ndani, akatoka na daftari. Kumbe naye alikuwa anaandika. Kikoba chao hisa ni elfu mbili, na mwisho ni hisa tano kwa wiki, kwa hiyo kila wiki elfu kumi ilitakiwa, na walikubaliana tano kwa tano. Alianza kusoma kwa sauti ya karani. Machi, dada hana, nimeweka kumi. Aprili dada ameumwa, nimeweka kumi, kumi, kumi. Juni belo limekuwa bovu, nimeweka kumi. Hakuruka wiki.

"Unaniandika?" Tusekile aliuliza. "Mimi ndugu yako unaniandika kwenye daftari kama mteja wa mkopo?"

"Na wewe ile ada ya kidato cha pili huiandiki, lakini naisikia kila mwezi."

Tusekile alisimama. Kitana kilikuwa bado kimemchoma utosini. Upande mmoja rasta zimeanguka mpaka begani, upande mwingine nywele zimetimka.

"Malizia," alisema.

"Nenda kamalizie na cherehani."

Kesho yake mweka hazina alikwenda kwenye kikao na kilemba kikubwa kilichofungwa hadi kwenye nyusi, na alipoulizwa akasema ni baridi. Mbeya kisingizio hicho hakikosi kuaminika.

Mama yao alifika Ijumaa kwa Coaster kutoka Kiwira, na mkungu wa ndizi na furushi la maparachichi. Sijui nani alimpigia simu. (Ni mimi.) Alimkuta kila binti ameketi upande wake, akala kwanza, akanywa chai, ndipo akasema haya, semeni.

Tusekile alianza, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini hakuwa akirudi nyuma. Mama yao aliwahi kuwa fundi Mwanjelwa. Alikuwa na cherehani yake kwenye kibanda, na mwaka 2006 soko lilipoungua, cherehani ikaungua nalo, pamoja na vitambaa vya wateja. Tusekile alikuwa darasa la tatu. Alikumbuka alivyoshikwa mkono wakaenda kuangalia, na kwamba kilichobaki kilikuwa chuma cha miguu tu. Baada ya hapo familia ilirudi Kiwira. Atupele alikuwa mgongoni, hakuona chochote.

"Nataka irudi, mama," alisema. "Ndiyo hivyo tu."

Mama alimenya parachichi akiwa kimya. Nilidhani atalia. Badala yake akasema, "Mwanangu, ile cherehani iliniua mgongo. Wateja hawalipi, wanakuja na kitambaa cha mita mbili wanataka gauni la mita tatu. Ilipoungua nililia kwa sababu ya vitambaa vya watu, maana vilitakiwa kulipwa. Cherehani yenyewe, wiki ya pili nilikuwa nalala vizuri."

Tusekile alibaki na mdomo wazi. Atupele alijisahau akacheka.

"Na wewe usicheke," mama alimgeukia. "Hiyo fremu, mwenye nyumba akikuongezea kodi mwezi wa saba, na baridi ile hakuna anayetaka kuloweshwa kichwa, utasuka nini? Gaweni pesa. Nusu na nusu. Kila mtu afe na lake."

Akaomba chumvi ya kulia parachichi. Hukumu ilikuwa imeisha.

Laki tatu na elfu sita kila mmoja. Hesabu hiyo walitufanyia hadharani, uani, na mimi nikaitwa niwe shahidi kwa vile nina mwandiko mzuri. Tusekile alichukua cherehani yake ya laki na tisini, akabaki na laki na ushee. Atupele alikuwa ameshambembeleza mwenye fremu akubali miezi mitatu, laki na nusu. Drai aliyoipata ilikuwa laki na arobaini. Ikabaki elfu kumi na sita ya kununulia kioo, viti, benchi, jiko, taulo na dawa. Alikaa anazitazama noti zile kwa muda mrefu.

"Unataka shilingi ngapi?" Tusekile aliuliza.

"Sijaomba."

"Nimeuliza ngapi."

"Themanini."

Tusekile alihesabu themanini, akaziweka juu ya kigoda, mkono bado uko juu yake. "Leta lile daftari lako."

Atupele alilileta.

"Mama Lusajo, andika. Atupele amekopa elfu themanini kwa Tusekile. Marejesho miezi minne, ishirini ishirini. Riba asilimia kumi kwa mkopo wote."

"Riba?" Atupele aliruka. "Tumbo moja, unanitoza riba?"

"Kikoba kinakutoza ngapi?"

"Kikoba siyo dada yangu!"

"Ndiyo maana hakikusubiri kesho. Weka sahihi."

Mama yao alikuwa anafunga furushi lake tupu, hakutaka hata kusikia. Atupele alinitazama, nikatazama kalamu. Alisaini. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitana na mfuko wa rasta, akavuta kigoda.

"Kaa."

Tusekile alifungua kilemba, akakaa. Upande wa kulia ulikuwa umejisokota kwa siku mbili za kufungwa, na Atupele aliutazama kama fundi anayeonyeshwa kazi ya fundi mwingine.

"Kichwa kizima ni elfu ishirini," alisema. "Hiki umeshapewa nusu, ya kushoto nakuachia kwa sababu ya ada. Hii ni elfu kumi."

"Kumi? Mimi ndugu yako?"

"Na kufumua nywele zilizofungamana, elfu mbili. Mama Lusajo, andika."

Niliandika.