Ombi la Kurejea Kazini katika Idara ya Ugavi

10 Februari 2025

Mkuu wa Idara ya Ugavi,
Makao Makuu ya Kampuni.

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: OMBI LA KUFIKIRIWA KURUDISHWA KAZINI BAADA YA MASOMO NA SHUGHULI BINAFSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni yule msaidizi wa stoo kuu ya dawa na vifaa tiba niliyefanya kazi chini yako tangu Juni 2017 hadi tarehe 30 Septemba 2021, nilipoacha kazi kwa hiari ili nikasome. Namba yangu ya ajira ilikuwa 0417. Ninaandika kuuliza kama Kampuni inaweza kunifikiria tena kwa nafasi yoyote ya stoo au ya ununuzi iliyopo sasa au itakayotokea katika mwaka huu. Nimeona ni heshima kukuandikia wewe kwanza, kabla ya Ofisi ya Rasilimali Watu, kwa sababu ndiye uliyenipokea na ndiye uliyepokea barua yangu ya kuacha kazi, na najua kwamba swali la kwanza litakaloulizwa juu yangu litaletwa mezani kwako.

Kabla sijaeleza nilichokifanya huko nilikokwenda, sina budi kulizungumzia suala la namna nilivyoondoka. Kwa upande wa taratibu sikukosea: nilitoa notisi ya mwezi mmoja, nikakabidhi funguo, leja na kadi za stoo, na tukahesabu bidhaa pamoja na mwenzangu aliyechukua nafasi yangu. Katika hesabu ile zilipungua katoni 12 za glavu, na baada ya siku mbili ikaonekana kwamba zilikuwa zimetoka kihalali kwa hati ya kutolea bidhaa ambayo mimi mwenyewe sikuiingiza kwenye kadi. Maelezo yake yamo katika ripoti ya makabidhiano. Hata hivyo, notisi ni kitu kimoja na wakati ni kitu kingine. Niliondoka miezi mitatu kabla ya hesabu ya mwisho wa mwaka, wakati idara ilikuwa inahama kutoka kwenye kadi za mkono kwenda kwenye mfumo wa kompyuta, na mimi ndiye niliyekuwa nazijua zile kadi za zamani, zikiwemo zile zilizoandikwa kwa vifupisho ambavyo havikuwa vimeelezwa popote. Uliniomba nisogeze safari yangu hadi Januari, nami nikajibu kwamba chuo hakingenisubiri. Ni kweli hakingenisubiri, lakini ningeweza kukaa jioni chache nikaviandika vile vifupisho, na sikufanya hivyo. Baadaye nilisikia kwamba hesabu ya Desemba ile iliwachukua wenzangu siku nyingi kuliko kawaida. Naomba radhi kwa hilo, na ningeliomba hata kama nisingekuwa na ombi lingine la kuleta.

Nilisoma stashahada ya ununuzi na ugavi kwa miaka miwili, nikamaliza Agosti 2023. Nakala ya cheti na ya matokeo nimeviambatisha, hivyo sitayaorodhesha masomo hapa. Ninachopenda ukijue ni yale ambayo nilikuwa nikiyafanya stooni kwa mazoea na sasa nayafanya nikiwa najua sababu zake. Tulikuwa na kanuni ya bidhaa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, lakini katika zamu yangu mara nyingi tulipanga mzigo mpya mbele ya rafu kwa kuwa mlango ulikuwa karibu, kisha tukashangaa kukuta maboksi yaliyoisha muda nyuma. Kanuni ile haitekelezwi kwa kukumbushana. Inatekelezwa na mpangilio wa rafu wenyewe, unaompa mtoaji wa bidhaa njia moja tu, ya kuchukua kilicho sahihi. Ni jambo dogo, na pengine mmekwisha kulirekebisha.

Kazi yangu ya mwisho chuoni ilihusu kuzigawa bidhaa za stoo ya dawa kwa vigezo viwili kwa pamoja: kiasi cha fedha zinachobeba kwa mwaka, na uzito wake kwa maisha ya mgonjwa. Kigezo cha kwanza hutenga bidhaa chache zinazomeza sehemu kubwa ya bajeti na zile nyingi zinazomeza kidogo. Cha pili hutenga za lazima kabisa, zilizo muhimu, na zile ambazo kukosekana kwake kunavumilika. Ukivitumia vyote viwili unagundua kwamba kuna dawa za bei ndogo ambazo hazistahili kukosekana hata siku moja, na ambazo sisi, kwa kufuata bei peke yake, tulikuwa tukiziagiza mwishoni. Nilijifunza pia kukokotoa kiwango cha kuagiza upya kwa kuangalia matumizi ya wastani na muda halisi anaouchukua msambazaji kuleta mzigo, pamoja na akiba ya tahadhari. Katika miaka yangu ya kwanza kwako tuliagiza tulipoona rafu inapwaya, na kwa bidhaa inayochukua wiki sita kufika, rafu inapopwaya huwa umekwisha kuchelewa.

Baada ya chuo sikurudi moja kwa moja, na hili nalo nalieleza kwa ukamilifu ili lisije kuonekana baadaye kuwa nililificha. Kuanzia Oktoba 2023 mimi na mwenzangu mmoja tuliyesoma naye tulianzisha biashara ndogo ya kusambaza vifaa tiba visivyo dawa, yaani glavu, bandeji, sindano na vinavyofanana na hivyo, kwa maduka na zahanati ndogo. Iliendelea kwa miezi 14. Haikufa kwa kukosa wateja. Ilikufa kwa sababu wateja walichukua mzigo kwa mkopo wa siku 60 wakati sisi tulitakiwa kumlipa msambazaji wetu ndani ya siku 30, na kila tulivyouza zaidi ndivyo tulivyozidi kukosa fedha mkononi. Tulifunga mwishoni mwa Novemba 2024, tukawalipa wote waliokuwa wanatudai, na bidhaa zilizobaki tukaziuza kwa bei ya kununulia. Sikuona aibu kufunga, ila niliona aibu kwamba ilinichukua mwaka mzima kuelewa kile ambacho Idara ya Fedha ilikuwa ikitueleza kila robo mwaka tulipojaza stoo kupita mahitaji: kwamba bidhaa iliyolala rafuni ni fedha iliyolala, na mwenye kuilaza hulala naye bila usingizi.

Kwa kuwa baadhi ya wateja wetu walikuwa pia wateja wa Kampuni, natamka wazi kwamba sina tena hisa, bidhaa wala deni katika biashara yoyote ya namna hiyo, na kwamba sikuwahi kutumia orodha ya wateja au bei za Kampuni nilipokuwa nje. Nipo tayari kutia saini tamko la mgongano wa maslahi kabla ya hatua nyingine yoyote.

Kuhusu nafasi yenyewe, naelewa kwamba kiti changu cha zamani kina mtu, na ni mtu niliyemkabidhi mwenyewe. Sitaki aguswe kwa ajili yangu. Nikipewa nafasi ya ngazi ileile, au ya chini yake katika chumba cha baridi au katika mapokezi ya mizigo, nitaipokea. Chumba cha baridi nakitaja kwa makusudi, kwa kuwa kazi ya kusoma vipimajoto asubuhi na jioni na kuhakikisha friji zinabaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi ndiyo iliyokuwa ikikosa mtu wa kudumu wakati wangu, na ni kazi isiyovumilia mtu wa kuazima: insulini ikiganda haifai tena hata kama itayeyuka na kuonekana safi machoni.

Mafao yangu nililipwa yote nilipoondoka, hivyo sidai miaka yangu ya nyuma iunganishwe na ajira mpya. Nipo tayari kuanza na kipindi cha majaribio kama mwajiriwa mgeni, na kufanyiwa usaili pamoja na waombaji wengine endapo nafasi itatangazwa. Ninachoomba tu ni kwamba stashahada izingatiwe wakati wa kupanga ngazi ya mshahara, kwa kadiri muundo wa Kampuni unavyoruhusu, na kama hauruhusu kwa sasa, nielezwe ni lini suala hilo linaweza kuangaliwa.

Huenda ukajiuliza kama sitaondoka tena. Ni swali la haki. Nilipoondoka nilikuwa na mambo mawili yaliyoniwasha: kusoma, na kujua kama naweza kujitegemea. La kwanza nimelikamilisha, la pili nimelijaribu kwa fedha zangu mwenyewe na kulipatia jibu. Sitakuahidi miaka, kwa kuwa ahadi ya namna hiyo ni rahisi kuitamka na haipimiki leo. Ila nakubali kuwekewa katika mkataba notisi ya miezi mitatu badala ya mmoja, pamoja na sharti kwamba sitaondoka kati ya Oktoba na kufungwa kwa hesabu za mwaka.

Nitashukuru nikipata jibu lako, hata likiwa fupi. Ikiwa kwenye jalada langu kuna maelezo yanayozuia nisiajiriwe tena, naomba nifahamishwe ili niyajibu au niyakubali. Ikiwa hakuna kizuizi lakini pia hakuna nafasi, naomba kujua kama Kampuni hutunza maombi au natakiwa kusubiri tangazo. Naweza kufika ofisini siku yoyote ya kazi kwa taarifa ya siku moja, na namba yangu ya simu ni ileile iliyomo kwenye jalada. Mtu wa kumuuliza juu ya mwenendo wangu chuoni ni mkufunzi aliyesimamia kazi yangu ya mwisho, ambaye barua yake nimeiambatisha.

Nimeambatisha pia kurasa mbili zenye maelezo ya vile vifupisho vya kadi za zamani, kadiri ninavyovikumbuka, kwa ajili ya yeyote anayelazimika kuzirejea kumbukumbu za kabla ya mfumo wa kompyuta. Tafadhali mpatie msimamizi wa stoo, vyovyote utakavyoamua kuhusu ombi langu.

Wako mtiifu,

Aliyekuwa Msaidizi wa Stoo Kuu,
Namba ya ajira 0417

Viambatisho: nakala ya cheti cha stashahada na matokeo, barua ya mkufunzi, nakala ya barua ya kukubaliwa kuacha kazi ya mwaka 2021, maelezo ya vifupisho vya kadi za stoo.

Nakala: Meneja wa Rasilimali Watu